Sifuri Iliyoandikwa kwa Nukta

Picha ilikuja kwa simu. Ilipigwa juu ya siti ya gari, na kidole gumba cha mpigaji kimeziba kona moja ya juu. Ilikuwa risiti ya duka la vipuri vya magari la Maskati, imeandikwa kwa kalamu ya wino wa buluu kwenye kile kitabu cha risiti ambacho nakala yake hubaki dukani chini ya karatasi ya kaboni. Mzee aliyeniletea ana duka la spea hapa Unguja, kwa ubia na mdogo wake anayeishi Oman. Mdogo hununua, mkubwa huuza, na kila baada ya miezi kadhaa huniletea risiti zao nizifanyie taarifa ya hesabu kwa Kiswahili, kwa kuwa mshirika wao wa tatu, mkwe wao aliyeko Dar es Salaam, hajui Kiarabu.

"Mwanangu," aliniambia, "maneno ya Kiarabu utayatafsiri, hilo najua. Na hizi namba je? Utaziacha kama zilivyo, au utazigeuza?"

Nilimwomba anipe siku mbili. Siku ya kwanza ningeitumia kuzisoma tu, kabla sijaandika lolote.

Tarakimu zenyewe ni hizi, kuanzia sifuri hadi tisa, na chini yake zile tunazozitumia katika maandishi ya Kiswahili:

```
٠١٢٣٤٥٦٧٨٩
0123456789
```

Aliyepitia chuoni hatazishangaa. Ndizo zinazoonyesha namba za aya katika misahafu mingi, na watoto wengi wa pwani huzizoea hapo kabla ya kwenda skuli. Waarabu wenyewe huziita tarakimu za Kihindi, kwa sababu hesabu ya aina hii, yenye alama kumi tu na sifuri ndani yake, ilitoka Bara Hindi. Al-Khwarizmi aliiandikia kitabu huko Baghdad katika karne ya 9. Tawi moja la alama hizo likaenda Maghrib na Andalusia, likaingia Ulaya, na baadaye likarudi kwetu na skuli za kikoloni. Tawi jingine likabaki Misri, Sham, Iraki na Ghuba. Kwa hiyo kugeuza ٤ kuwa 4 si kutafsiri kama tunavyotafsiri neno. Thamani ni ile ile, na hata mpangilio ni ule ule. Ingawa maandishi ya Kiarabu huenda kutoka kulia, tarakimu kubwa ya namba hukaa kushoto, kama kwetu. ٦٧ ni sitini na saba. Si sabini na sita, na anayeigeuza mbele nyuma kwa kudhani kila kitu cha Kiarabu husomwa kinyume ameshakosea kabla ya kuanza.

Kama mambo yangeishia hapo, swali la mzee lingejibiwa kwa neno moja: geuza. Lakini risiti iliyopigwa picha ina watu wawili wanaoweza kukosea, aliyeandika na anayesoma, na kugeuza tarakimu huficha kosa la huyo wa pili. Nikiandika 34 mahali palipokuwa na wino wenye shaka, shaka imekwisha machoni pa msomaji. Mkwe wa Dar es Salaam ataona 34 iliyochapwa vizuri, nyeusi juu ya nyeupe, na hatajua kwamba nilikisia.

Ndiyo maana siku ya kwanza ilikuwa ya kusoma. Na katika kusoma, adui wa kwanza ni jicho lenyewe. Tarakimu ya tano, ٥, ni duara, na jicho lililozoea namba zetu huiona sifuri. Sita yao, ٦, inafanana na saba yetu. Sifuri yao si duara bali ni nukta, ٠. Hivyo mtu asiyezoea akitazama ٦٥٠, ambayo ni mia sita na hamsini, anaona kitu kama 70 chenye kitone mwishoni. Kwetu Waswahili mkanganyo wa sita na saba una jambo la kupendeza: majina hayo mawili yenyewe tuliyachukua kwa Waarabu, pamoja na tisa, huku moja hadi tano na nane zikibaki za kwetu. Jina tumelichukua likakaa, lakini alama tunaendelea kuibabaikia.

Sifuri ya nukta ndiyo inayonisumbua zaidi katika picha. Kwenye karatasi nukta ya wino ni kitu cha hakika. Unaweza kuigusa, ukaiinamisha karatasi kwenye mwanga. Ikishapigwa picha kwa simu, ikapunguzwa ukubwa ili itumwe haraka, ikatumwa tena kwa mtu mwingine, nukta hupotea, na punje ya vumbi hugeuka nukta. ٢٥٠ iliyopoteza kitone chake inakuwa 25. ١ iliyopata kitone cha uchafu inakuwa 10. Katika tarakimu zetu sifuri ni kubwa kama wenzake, na ikififia huacha angalau pengo. Huko inaweza kutoweka bila hata kuacha alama ya kuwa kulikuwa na kitu.

Mwandiko nao una desturi zake. Katika chapa, mbili ina jino moja, ٢, na tatu ina mawili, ٣. Lakini watu wengi wa Mashariki ya Kati wanapoandika kwa mkono kwa haraka, huifupisha tatu ikabaki na jino moja, na ili isichanganywe na mbili, mbili nayo huiandika kama ndoano tupu, kijiti chenye kona juu, bila jino lolote. Matokeo yake ni kwamba tatu ya mkono inafanana kabisa na mbili ya chapa. Aliyejifunza tarakimu hizi kwenye msahafu, ambao ni chapa, atasoma mbili kila mahali palipoandikwa tatu, na atasoma kwa kujiamini.

Hivyo ndivyo nilivyoisoma risiti ya mzee mara ya kwanza. Ilikuwa na mistari mitatu. Mstari wa kwanza ulikuwa breki pedi, pea ٤ kwa rial ٦٫٢٥٠ kila pea, jumla ٢٥٫٠٠٠. Mstari wa pili ulikuwa shokapu, na idadi yake ilikuwa alama yenye jino moja. Nikaandika pembeni kwa penseli: 2. Bei ya moja ilikuwa ١١٫٥٠٠, na jumla ya mstari ilianza na alama ile ile yenye jino moja, ikafuatwa na nne, kisha tano na sifuri mbili baada ya mkato. Nikaandika 24.500. Mstari wa tatu ulikuwa plagi, kwa baisa ٧٥٠ kila moja, jumla ٧٫٥٠٠. Idadi ya plagi katika picha ilionekana kama ١ peke yake.

Risiti ina jambo moja jema ambalo barua haina: inajihesabia yenyewe. Idadi mara bei lazima ilete jumla ya mstari, na mistari ikijumlishwa lazima ilete jumla ya chini. Nikaanza. Nne mara 6.250 ni 25.000, sawa. Mbili mara 11.500 ni 23.000, lakini mimi niliandika 24.500. Moja mara 0.750 ni 0.750, lakini jumla ya mstari ni 7.500. Mistari miwili kati ya mitatu ilikataa.

Mstari wa tatu ulijieleza mwenyewe. Kumi mara 0.750 ni 7.500, kwa hiyo palikuwa na nukta mbele ya ile moja. Nikaikuza picha. Mahali ambapo nukta ingekaa palikuwa na mstari wa chapa wa kugawa safu, na wino umeingia ndani ya mstari. Nukta ilikuwepo, ila ilijificha.

Mstari wa pili ulihitaji kumfahamu mwandishi. Nikatafuta mbili nyingine katika risiti hiyo hiyo, mbili ambazo sina shaka nazo. Zilikuwemo katika mstari wa kwanza: bei 6.250 na jumla 25.000, ambazo hesabu ilishazithibitisha. Katika sehemu zote mbili, mbili ya mwandishi huyu ilikuwa ndoano isiyo na jino. Basi alama yake yenye jino moja haikuwa mbili. Ilikuwa tatu. Tatu mara 11.500 ni 34.500, na jumla ya mstari, iliyoanza na alama ile ile, sasa ilisomeka 34.500 bila ubishi. Nilikuwa nimekosea mara mbili kwa kosa moja, na makosa mawili ya aina moja hayakupatana. Ishirini na tano na thelathini na nne na nusu na saba na nusu ni sitini na saba. Chini ya safu paliandikwa ٦٧٫٠٠٠.

Laiti ningeanza kwa kugeuza na kuchapa, kisha nikafunga picha, nisingeyaona haya. Ningemwambia mzee kwamba mwenye duka amekosea hesabu, au vibaya zaidi, ningeisahihisha jumla yake iendane na kusoma kwangu.

Chini ya jumla palikuwa na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5, ٣٫٣٥٠, na jumla kuu ٧٠٫٣٥٠. Asilimia tano ya 67 ni 3.350. Sitini na saba ukiongeza hiyo ni 70.350. Kila namba sasa ilishikwa na jirani yake.

Hapo ndipo nilipofika kwenye kuandika, na hapo ndipo uamuzi wenyewe ulipokuja. Kuna mwenzangu wa kazi hii, mtafsiri wa miaka mingi kuliko mimi, anayeamini kwamba tarakimu haziguswi. Husema kazi yetu ni maneno, na namba ni mali ya aliyeandika. Namheshimu, na kwa nyaraka fulani namfuata, lakini kwa taarifa ya hesabu naona amekosea. Taarifa hii ina risiti nyingine za hapa nyumbani, za bandari na za gari la mizigo, zote kwa tarakimu zetu. Safu moja yenye 41,000 juu na ٧٠٫٣٥٠ chini yake haisomeki na mtu yeyote kwa mara moja. Mkwe wa Dar es Salaam hawezi kuikagua, na kukagua ndiyo sababu ya kumwandikia.

Kompyuta nayo haikubali kirahisi. Kwake ٧ na 7 ni herufi mbili tofauti, kama a na z. Ukitafuta 70.350 katika waraka, haitakuonyesha mahali palipoandikwa kwa tarakimu zile. Katika jedwali la hesabu, seli yenye tarakimu hizo mara nyingi huchukuliwa kuwa maneno, kwa hiyo ukijumlisha safu inarukwa kimya kimya, na jumla inatoka pungufu bila onyo. Kuna na tarakimu za Kiajemi na Kiurdu, ambazo nne yake ni ۴ na sita yake ni ۶, na ambazo moja, mbili na tatu zake zinafanana na za Kiarabu machoni lakini kompyuta inazihesabu kuwa herufi nyingine tena. Maduka ya Ghuba yana wafanyakazi wengi kutoka Pakistani na Iran, kwa hiyo alama hizo hujitokeza ndani ya risiti ya Kiarabu.

Jambo jingine nililijua kwa kuungua. Kompyuta inazichukulia tarakimu hizi kama sehemu ya maandishi yanayotoka kulia. Namba moja peke yake katikati ya sentensi ya Kiswahili inakaa sawa. Lakini ukiandika namba mbili zikifuatana, kwa mfano idadi, kisha alama ya kuzidisha, kisha bei, bila neno la Kiswahili kati yake, kompyuta inazipanga upya: uliyoandika kwanza inakwenda kulia na ya pili inakuja kushoto. Katika kuzidisha haidhuru. Katika kutoa au kugawa, au katika orodha ya bei inayofuatana na orodha ya bidhaa, inadhuru, na aliyeandika hawezi kuelewa kwa nini alichobonyeza sicho anachokiona.

Basi katika safu za hesabu niliamua kugeuza. Lakini kugeuza kuna mtego wake, nao hauko katika tarakimu, uko katika mkato. Tazama tena ٧٠٫٣٥٠. Kile kijistari kati ya sifuri na tatu ni alama ya desimali ya Kiarabu, na inafanana na koma. Anayegeuza tarakimu moja moja huandika 70,350, na kwa Mswahili hiyo ni sabini elfu mia tatu na hamsini. Hata ukiandika nukta, 70.350, bado una shida, kwa sababu shilingi yetu haina tena senti za kuhesabiwa, na jicho la mfanyabiashara wa Kariakoo au Darajani likiona tarakimu tatu baada ya alama yoyote linaona maelfu.

Rial ya Oman imegawanywa baisa 1,000, si 100. Ndiyo maana bei zake zina tarakimu tatu baada ya desimali, kama dinari za Kuwait na Bahrain. Vitabu vingi vya risiti vya Oman hata huchapwa safu mbili za fedha, moja ya rial na moja ya baisa, ili pasiwe na haja ya alama yoyote. Rial moja ni karibu dola 2.60 za Marekani, hivyo 70.350 ni kama dola 183. Ikisomwa sabini elfu, ni kama dola 183,000, fedha za kununua maduka kadhaa ya spea na wala si shokapu tatu. Kosa la ukubwa huo litagunduliwa. Linalonitisha ni dogo, kama ile bei ya plagi: ٠٫٧٥٠ ikiandikwa 750 bila kutaja baisa, ikaingia katika safu ya fedha za nyumbani, inapita kama shilingi mia saba na hamsini na hakuna atakayeinua jicho.

Kwa hiyo sikugeuza alama kwa alama. Niliandika rial 70 na baisa 350. Katika sentensi inatosha, na katika jedwali nilifuata kitabu cha risiti chenyewe, safu mbili. Neno baisa halimpi shida msomaji wetu, maana ni ndugu wa pesa, zote zikitokana na paisa ya Kihindi. Sarafu za shaba za Sultani Barghash hapa Unguja nazo ziliitwa hivyo.

Na nikishazitaja sarafu hizo, ndizo zinazonikumbusha mpaka wa kugeuza. Zina mwaka juu yake, ١٢٩٩. Ukigeuza unapata 1299, na umegeuza sawasawa, lakini ukiandika katika makala kwamba ni sarafu ya mwaka 1299 umempeleka msomaji karne sita nyuma, kwa sababu huo ni mwaka wa Hijria, unaoangukia 1881 na 1882 Miladia. Kugeuza tarakimu ni kazi moja. Kugeuza kalenda ni nyingine, na kugeuza rial kuwa shilingi ni ya tatu. Anayezifanya zote kwa pamoja katika seli moja haachi njia ya mtu mwingine kumfuata.

Tarehe ya risiti ya mzee ndiyo ilinichukua muda mrefu kuliko fedha. Iliandikwa ٢٣/٥/٨. Nikiigeuza kama ilivyo napata 23/5/8, na Mswahili atasoma tarehe 23 Mei 2008. Lakini mwandishi wa Kiarabu huanza kulia: siku kwanza, kisha mwezi, kisha mwaka. Kwake hiyo ni 8 Mei 2023. Kila namba moja moja inasomwa kutoka kushoto, ila namba zenyewe zimepangwa kutoka kulia, na hapo ndipo tarakimu mbili tu za mwaka zinapomponza mtu.

Mazoea yangu yaliniambia 2023. Mazoea si ushahidi, nami nilitaka risiti yenyewe iseme. Ikasema kwa ile kodi ya asilimia 5. Oman ilianza kutoza kodi ya ongezeko la thamani tarehe 16 Aprili 2021. Risiti ya 2008 isingeweza kuwa nayo. Niliandika 8 Mei 2023, mwezi kwa jina lake, ili asitokee tena mtu wa kuupindua.

Ningeacha tarakimu bila kuzigusa wakati gani? Wakati alama yenyewe ndiyo inayobishaniwa. Tuseme mdogo mtu angeshukiwa kuongeza fedha. Katika tarakimu hizi, kuongeza fedha ni rahisi kuliko katika zetu: kitone kimoja kinaigeuza ٢٥ kuwa ٢٥٠, na jino moja linaigeuza mbili kuwa tatu. Ndiyo maana risiti nyingi huwa na mstari wa kuandika kiasi kwa maneno, unaoanza kwa neno la Kiarabu lenye maana ya "tu", kama sisi tunavyomalizia hundi. Risiti kama hiyo ikipelekwa mahakamani, waraka wangu wenye 250 safi iliyochapwa hausaidii haki, unaiziba. Hapo ningetoa nakala ya mstari kwa mstari, yenye tarakimu za asili kama zinavyoonekana, na kusoma kwangu kando, katika mabano, kukiwa na maelezo ya mahali kitone kilipokaa na kama wino wake unafanana na wa jirani. Mwenzangu asiyegusa namba yuko sahihi kabisa katika waraka wa namna hiyo.

Hata katika taarifa ya mzee sikugeuza kimya kimya. Chini ya jedwali niliandika kwamba risiti ya asili ina tarakimu za Kiarabu, kwamba nimezigeuza, kwamba idadi ya plagi na ya shokapu nimezisoma kwa msaada wa hesabu ya risiti yenyewe, na kwamba picha imeambatishwa. Sentensi nne fupi. Mkwe akitaka kunipinga, anajua aanzie wapi.

Mzee alirudi siku ya pili. Alivaa miwani, akapitisha kidole juu ya safu, rial kwanza kisha baisa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akafika juu, kwenye namba ya risiti, akasimama.

"Hapa umeacha pengo."

Nilikuwa nimeandika 00471, na baada yake mabano matupu. Namba ya risiti haina jirani wa kuishika. Haizidishwi wala haijumlishwi, kwa hiyo tarakimu moja ikipotea hakuna hesabu ya kuirudisha. Sifuri mbili za mwanzo nilizibakiza kwa makusudi, kwani ni jina la risiti, si kiasi, na katika jedwali ilinibidi niiandike kama maneno ili kompyuta isizile. Tarakimu ya mwisho ilikuwa chini ya kidole gumba cha mdogo wake. Kilichojitokeza pembeni ya ukucha kilikuwa mstari mmoja uliosimama wima, ambao ungeweza kuwa ١ au ٩ au ٦, na sikutaka kuchagua.

"Shikamoo yangu mfikishie," nilimwambia, "na umwombe apige picha nyingine, bila kidole, karatasi iwe juu ya meza, mchana, karibu na dirisha. Na aitume kama faili, asiitume kama picha ya kawaida, ili simu isiipunguze."

Alimpigia pale pale. Wakasalimiana kwa kirefu, wakaulizana watoto, ndipo risiti ikatajwa. Picha ya pili ilifika baada ya Alasiri. Karatasi ilikuwa imenyooka, nukta ya plagi ikionekana kando ya mstari wa safu, na katika kona ya juu, mahali kidole kilipokuwa, paliandikwa ٦. Nikafungua mabano, nikaandika 6.